“Alimwambia Salima”: nani kamwambia nani?

Dada yangu alikuwa amefika ukurasa wa nne wa hadithi yangu aliposhusha karatasi mapajani na kusema neno lililonikata maini.

“Kumbe mama mdogo alijua tangu mwanzo kwamba mjomba amerudi! Mnafiki mkubwa huyu.”

Mama mdogo hakujua. Hadithi nzima inaanzia kwenye kutojua kwake. Anakuja kujua hapo hapo ukurasa wa nne, na pale anapojua ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Dada yangu sasa alikuwa amebeba ukurasa wa nne ambao mimi sikuuandika, na alikuwa anaendelea nao kwa uhakika kabisa.

Tulikuwa barazani, Mikindani, umeme umekatika, anasoma kwa tochi ya simu. Nilimwomba asome kwa sauti, tena asisome pole pole kwa kunihurumia. Yeye si mwalimu wa Kiswahili, anauza vitenge sokoni, na anasoma hadithi kama watu wengi wanavyosoma: haraka, anataka kujua kitatokea nini. Msomaji wa namna hiyo ndiye ninayemtaka, maana harudi nyuma kukutafutia maana. Ukimpoteza, amepotea.

“Dada, rudi hapo juu kidogo,” nikamwambia. “Pale wanapobangua korosho.”

Akasoma tena. Naweka hapa kifungu chenyewe kama kilivyokuwa, pamoja na aibu zake zote. Watu watatu wako uani wanabangua korosho: Salima, mama yake, na mama yake mdogo.

> “Mjomba amerudi” alimwambia Salima. “Amerudi lini?” alimuuliza mama yake. “Jana usiku” alimjibu. “Na wewe umemwona wapi?” alimwambia. “Sikumwona nimeambiwa” alimjibu mama mdogo akacheka. “Nani kakuambia?” akamuuliza tena.

Kichwani mwangu aliyeleta habari ni Salima. Dada yangu alisikia kwamba Salima ndiye aliyeletewa habari. Basi akamtafuta mletaji, na mtu wa kwanza kumwona karibu na neno “nimeambiwa” alikuwa mama mdogo. Akamvisha unafiki. Nilikuwa tayari kubishana naye, nikaisoma sentensi ile ya kwanza mara ya tatu, nikanyamaza. Alikuwa na haki.

Mimi riziki yangu ni kuchapa. Niko kwenye steshenari Mtwara mjini, watu wananiletea barua, mihtasari ya vikao, kadi za harusi, na mara moja moja daftari la hadithi. Kosa hili nimelichapa kwa mikono yangu katika kazi za watu wengi bila kuliona. Nilipoanza kulitafuta kwangu ndipo nikaelewa linatoka wapi.

Linatoka kwenye “a” ile ya mwanzo wa kitendo. “Alisema” haikwambii kama aliyesema ni mwanamke au mwanamume, mzee au mtoto, na katika hadithi za wanyama haikwambii hata kama ni mtu au sungura. Kitendo kikiwa na “m” ya mtendwa ndani yake, kama “alimwambia”, sasa una watu wawili wasiojulikana katika neno moja: mmoja kasema, mmoja kaambiwa. Mpaka hapo hakuna ubaya. Kwa kawaida tunaweka jina mbele ya kitendo na jina nyuma yake, na nafasi zenyewe zinatuambia. “Salima alimwambia mama yake” haina utata, aliye mbele ndiye msemaji.

Sasa tazama kinachotokea tunapoweka maneno ya mhusika kwanza, kisha yale ya “alisema fulani” yakafuata. Mimi hayo huyaita mkia. Kwenye mkia Kiswahili hupenda kitangulie kitendo, jina lifuate: “Njoo,” alisema Salima. Jina la msemaji limehama, limekwenda nyuma ya kitendo. Lakini nyuma ya kitendo ndiko anakokaa mtendwa siku zote. Basi ukiandika “Njoo,” alimwambia Salima, kiti ni kimoja na wenye haki ya kukikalia ni wawili. Salima anaweza kuwa anasema, anaweza kuwa anaambiwa, na sarufi inaruhusu yote mawili. Ndivyo ilivyo pia kwa “alimuuliza mama yake”: je, Salima alimuuliza mama yake, au mama yake alimuuliza Salima?

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba sentensi yenye utata humsimamisha msomaji, akakuna kichwa, akarudi. Hapana. Msomaji hachagui akijua kwamba anachagua. Anachukua maana moja na kwenda zake, na mwandishi hajui mpaka mtu aseme “mnafiki mkubwa huyu.” Ndiyo maana kusoma peke yako hakusaidii. Wewe unajua nani kasema, na jicho lako litakupa jibu sahihi kila mara.

Kwenye hadithi za kusimuliwa hatukuwa na shida hii. Bibi akisimulia jioni, “akamwambia, akamwambia” inakwenda mpaka usiku na hakuna anayepotea, kwa sababu fisi ana sauti yake na sungura ana yake, na bibi akigeuza shingo tu tunajua zamu imegeuka. Tunapoandika tunachukua yale maneno ya bibi na kuiacha shingo yake. Mkia, mkato na aya mpya vimewekwa vifanye kazi ya ile shingo.

Nilivyokitengeneza kifungu kile, kwanza niliwapa kinamama majina. Msimulizi wangu alikuwa anasema “mama yake” na “mama mdogo”, maneno ambayo yana maana ukiwa umesimama upande wa Salima tu. Walipokuwa kinamama wawili peke yao uani, “mama yake” alikuwa mama wa nani? Nilijaribu “Mama Salima”, jina ambalo mtaani lingekuwa la kawaida kabisa, lakini kwenye karatasi lilikuwa balaa. “Alisema Mama Salima” na “alisema Salima” zinafanana mno kwa mtu anayesoma haraka, na ukikosa herufi kubwa kwenye “Mama” unakuwa umeongeza utata badala ya kuupunguza. Basi mama akawa Mwanahawa, mdogo wake akawa Zuhura, na msimulizi nikamfunga hapo: kila mtu jina moja, mwanzo hadi mwisho. Kutaja mtu mmoja leo kwa jina, kesho “yule mama”, keshokutwa “mwanamke huyo” ili tu maneno yasijirudie, ni kumwongezea msomaji watu ambao hawapo.

Kifungu kikawa hivi:

> “Mjomba amerudi,” alisema Salima.
>
> Mwanahawa hakuinua kichwa. Alipasua korosho moja, akaitupa kwenye ungo. “Lini?”
>
> “Jana usiku.”
>
> “Na wewe umemwona wapi?” alidakia Zuhura.
>
> “Sikumwona, mama mdogo. Nimeambiwa.”
>
> Zuhura akacheka.
>
> “Nani kakuambia?” Mwanahawa aliuliza tena.

“Alimwambia” imekufa, imebaki “alisema”. Kitendo kisicho na “m” ya mtendwa kina nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo jina linalokifuata haliwezi kuwa la mwingine ila msemaji. Hii ndiyo kanuni ninayojiwekea siku hizi: mkia ukija baada ya maneno ya mhusika, natumia alisema, alijibu, aliuliza, aliitikia, alidakia, alinong’ona. Nikitaka lazima msomaji ajue nani anaambiwa, nina njia tatu. Naweza kuuhamisha mkia uwe kichwa: Salima alimwambia mama yake, “Mjomba amerudi.” Naweza kugeuza kitendo kiwe cha kutendwa, maana “aliambiwa Salima” haibishaniwi, Salima ndiye mwenye masikio. Au naweza kumwachia msemaji mwenyewe amtaje anayesema naye, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndivyo tunavyozungumza.

Tazama mstari wa tano. Hauna mkia. Lakini Salima anasema “mama mdogo”, na kwa neno hilo tumejua mambo mawili kwa mpigo: anayejibiwa ni Zuhura, na anayejibu hawezi kuwa Mwanahawa, kwa sababu Mwanahawa hawezi kumwita mdogo wake wa tumbo moja mama mdogo. Mstari wa tatu nao hauna mkia, kwa sababu Mwanahawa kauliza na anayeulizwa yuko mmoja. Wakiwa wawili tu wanazungumza, mistari mitatu au minne inaweza kwenda bila mkia na msomaji akahesabu zamu bila kujua kwamba anahesabu. Akiingia wa tatu hesabu imevunjika, na kila anayedakia lazima ajitambulishe kwa njia moja au nyingine.

Kicheko cha Zuhura nimekipa aya yake. Zamani kilikuwa kimeandikwa “alimjibu mama mdogo akacheka”, na hapo hata mimi siwezi kuapa nani alicheka. Kitendo cha mhusika kikae kwenye aya moja na maneno ya mhusika huyo huyo, wala kisilale kwenye aya ya mwenzake. Ningeandika “Zuhura akacheka” na kuunganisha papo hapo na “Nani kakuambia?”, swali lingekuwa la Zuhura, hata kama sikusema hivyo popote.

Na kicheko hakisemi. Nilikuwa na mahali nimeandika “Kaa hapa,” alitabasamu Zuhura. Mkato ule unadai kwamba kutabasamu ndiko kulikotoa maneno. Kinywa cha mtu kinaweza kunong’ona neno, kufoka neno, hata kuguna neno, lakini hakitabasamu neno. Ikawa: “Kaa hapa.” Zuhura alitabasamu. Nukta ndani ya alama za mtajo, kisha sentensi mpya yenye herufi kubwa. Alama imebadilika moja tu na msomaji hatabaki anajiuliza.

Nirudi kwenye majina ya ukoo, kwa sababu hapo ndipo lugha yetu inapotupa zawadi ambayo waandishi wengi tunaitupa. Kwetu kusini mjomba si mtu wa kupita. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Ndiyo maana hadithi yangu inamzunguka huyu mtu aliyerudi usiku. Lakini mtu huyo mmoja ana majina matatu kutegemea nani amefungua kinywa. Salima anamwita mjomba. Zuhura, aliyezaliwa nyuma yake, anamwita kaka. Mwanahawa, aliye dada mkubwa wa wote, anamwita Hamisi, basi.

Nilipoliona hilo nilipitia kurasa zote kumi na nne nikihakikisha hakuna anayeazima jina la mwenzake. Nilikuta mahali pawili Zuhura anasema “mjomba” akiwa anazungumza na dada yake, kosa la mimi mwandishi kuwa nimeganda upande wa Salima. Baada ya kusahihisha, nikaweza kufuta mikia mingi sana. “Hamisi hakuniaga” haihitaji “alisema Mwanahawa”. Hakuna mwingine uani pale mwenye umri wa kumtaja hivyo.

Salamu nazo ni hivyo hivyo. “Shikamoo” na “Marahaba” zikifuatana, msomaji amewapanga wawili hao kwa umri kabla hujamwambia lolote.

Zawadi hiyo ina mtego wake, nao ni mkato. Ukurasa wa tisa Salima anakwenda ufukweni kumtahadharisha mjomba wake kwamba Zuhura anamsaka. Nilikuwa nimeandika:

> “Mjomba anakutafuta.”

Nilichokusudia ni hiki:

> “Mjomba, anakutafuta.”

Bila mkato, mjomba ndiye anayetafuta. Penye mkato, mjomba ndiye anayetafutwa. Herufi ni zile zile. Unapomwita mtu ndani ya maneno, jina lake lazima litengwe kwa mkato, likiwa mwanzoni, mwishoni au katikati, kwa sababu katika Kiswahili umbo la jina halibadiliki kuonyesha kwamba jina hili ni la kuitwa na si la mtenda. Ukisema kwa mdomo unavuta pumzi kidogo baada ya “mjomba”, sauti inashuka, mambo yamekwisha. Kwenye karatasi pumzi hiyo ni mkato tu. Dada yangu aliposoma mstari huo ukiwa bado mbovu, aliusoma kwa sauti ya kutangaza habari, na nikajua kabla hajauliza.

Kuna kitu nilitaka kukifanya kwa sauti ya bibi, na nilikifanya vibaya kwanza. Bibi wa Salima ni Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964. Nilitaka asikike. Basi nikamjaza “ntu” na “ntoto” kila mahali ambapo sisi tungesema mtu na mtoto, mpaka akawa kichekesho. Bibi yangu mwenyewe alisema hivyo na hakuwa kichekesho. Nikapunguza, nikabakiza maneno hayo mawili tu, lakini nikahakikisha kila yakitokea kinywani mwake yanatokea hivyo hivyo, na hayatokei kinywani mwa mtu mwingine. Wala sikuyawekea alama za mtajo kuonyesha kwamba najua Kiswahili sanifu. Kuyawekea alama ni kumcheka mzee mbele ya wageni.

Bibi anasimulia kwa kirefu, aya tatu, na hapo palikuwa na kazi ya alama. Mtu mmoja akisema aya zaidi ya moja, fungua alama za mtajo mwanzoni mwa kila aya, lakini zifunge mwisho wa aya ya mwisho tu. Nilikuwa nafunga kila aya, na kwa msomaji kufunga ni zamu kwisha. Dada yangu aliona aya ya pili ni ya mtu mwingine, akaanza kuisoma kwa sauti ya Mwanahawa. Hiki hapa kipande chake baada ya kurekebishwa:

> “Tulifika mtoni usiku. Mwenye mtumbwi alikuwa ntu mmoja mkimya, hatukumwona uso.
>
> “Akamwambia mama, ‘Watoto kwanza.’ Mama akamjibu, ‘Ntoto wangu hatangulii peke yake.’ Basi akatupakia wote, maji yakawa yanaingia.”

Angalia kwamba bibi anatumia “akamwambia mama” na haipotezi mtu. Mwenye mtumbwi kashatajwa, na mkia hapa si mkia, umetangulia maneno. Sikuwa na sababu ya kumnyang’anya bibi “akamwambia” yake. Ile ni midundo ya kusimulia, na kanuni yangu ya “alisema” ni ya msimulizi, si ya bibi.

Maneno ya watu waliomo ndani ya maneno ya bibi yamekaa kwenye alama moja moja, na ya bibi kwenye alama mbili mbili. Nimechagua mbili kwa nje kwa sababu ya ritifaa. Sisi tuna ng’ombe, ng’ambo, kung’aka, kunong’ona. Kikoma kile cha “ng’” kwenye kompyuta ni alama ile ile ya kufungia mtajo mmoja. Ukitumia alama moja moja kwa mazungumzo yote, kila ng’ombe anayepita anafunga kauli ya mtu, kwa jicho la msomaji na kwa kompyuta inayokutafutia makosa.

Na kompyuta inatafuta. Baada ya kusoma kwa sauti nilipitisha mswada kwenye LibreOffice Writer. Bonyeza Ctrl+H, weka tiki kwenye `Regular expressions`, kisha andika kwenye kisanduku cha kutafutia. Alama za mtajo zilizopinda uzinakili kutoka kwenye mswada wako wenyewe, kwa sababu ukizichapa pale zitatoka zilizonyooka na hutapata kitu. Hii inatafuta kila mkia wenye “m” ya mtendwa:

```
” (ali|aka)m
```

Kwangu ilileta 31. Si zote ni makosa. Inakamata pia “alimaka” na “akamaliza”, ambazo “m” yake ni ya kitendo chenyewe, na inakamata mikia iliyo salama kwa sababu sentensi ya nyuma yake, ndani ya aya ile ile, imekwisha mtaja mtenda. Kwa mfano: Salima aliweka beseni chini. “Mjomba amerudi,” alimwambia mama yake. Hapo Salima tayari ana usukani, na nimeiacha. Nilibadilisha 22, kila moja kwa kuitazama. Usithubutu kubonyeza `Replace All`.

Ya pili inatafuta alama iliyofunguliwa na haikufungwa mpaka mwisho wa aya:

```
“[^”]*$
```

Hii itakukamatia na aya za bibi, ambazo ziko wazi kwa makusudi. Ziache. Nyingine nyingi ni kusahau, na kusahau kumoja kunaweza kuufanya ukurasa mzima uonekane mtu anasema pasipo mwisho.

Kuna nyingine si za kusahau, ni kazi ya kompyuta yenyewe. Pale mtu anapokatizwa kauli, nilikuwa nimeweka deshi kisha alama ya kufunga, na kompyuta, ikiona deshi, ikadhani ninaanza neno jipya, ikaniwekea alama ya kufungua. “Lakini mimi—“ badala ya “Lakini mimi—”. Zilikuwa tano, zote kwenye ugomvi wa ukurasa wa kumi na mbili, mahali ambapo watu wanakatizana kuliko kote. Sasa natafuta deshi moja moja kabla ya kuchapa. Kompyuta hiyo hiyo ilikuwa na tabia ya kupandisha herufi kubwa baada ya alama ya kuuliza, ikanipa “Lini?” Aliuliza Mwanahawa. Alama ya kuuliza iko ndani ya maneno ya Mwanahawa, sentensi yangu bado inaendelea, kwa hiyo ni “aliuliza”, herufi ndogo.

Wiki iliyofuata dada alisoma tena, safari hii mchana, ukutani kuna kivuli cha mwembe. Ukurasa wa nne alipita bila kugusa breki. Ukurasa wa tisa alivuta pumzi baada ya “Mjomba”, kama nilivyotaka. Kwenye ugomvi alikatiza sauti yake mwenyewe kwenye kila deshi, nikajikuta natabasamu. Alikwama mahali pamoja tu, mstari wa mwisho kabisa. Taa imezimwa, Mwanahawa na Zuhura wamelala kitanda kimoja, na mmoja wao anasema:

> “Ni mimi niliyemwita arudi.”

Hakuna mkia. Hakuna “kaka” wala “Hamisi”. Nilikwisha kuziondoa kwa makusudi, na nilitafuta kwa muda kitendo ambacho kingemtaja mtu huyo bila kumtaja jina, “niliyemwita”, ili ukoo usimtoe msemaji.

“Huyu nani anasema?” dada akauliza.

Nikamuuliza yeye anadhani ni nani. Akatazama karatasi, akarudi ukurasa wa kumi na mbili, akasoma kimya, akarudi tena mwisho.

“Sijui,” akasema. “Inawezekana yeyote. Lakini hapa umenificha wewe, hukunipoteza.”

Mstari ule nimeuacha ulivyo. Mhariri wa gazeti nililopeleka hadithi ameurudisha na alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu, na neno moja: “Nani?” Bado sijamjibu.